Vitanzi viwili kwenye picha ya simu: pa kutafuta kosa majibu yakikataa

Mpwa wangu anasomea diploma ya umeme hapa Nairobi. Juzi, saa nne usiku, alinitumia picha kwa WhatsApp: ukurasa wa daftari la mwenzake wenye mchoro wa saketi, ameupiga akiwa amesimama mlangoni huku makanga wa matatu ya Ngara akipiga mabati. Chini ya picha aliandika: "Mjomba, habari za jioni. Nimerudia mara tatu. Mwalimu alipata mkondo wa betri ya kwanza 1.5, mimi napata hasi 3. Nimekosea alama wapi?"

Hakuwa amekosea alama hata moja. Milinganyo yake mitatu ilikuwa safi, hesabu yake ilikuwa safi, na majibu yake yalipita kila jaribio nililompa. Kosa lilikuwa kwenye picha. Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote aliyekwama mahali kama pale, kwa sababu wengi hutafuta kosa katika aljebra wakati aljebra haina hatia.

Mchoro wenyewe unaweza kuuchora sasa hivi. Chora mstatili, kisha uugawe katikati kwa waya wa wima, upate madirisha mawili, yaani vile vitanzi viwili. Upande wa kushoto kuna betri ya volti 12, chanya yake ikitazama juu, na rezista ya om 4 ikiwa kwenye njia hiyo hiyo. Waya wa katikati una rezista ya om 6 peke yake. Upande wa kulia kuna betri ya pili, chanya yake pia juu, pamoja na rezista ya om 3. Betri hiyo ya pili ndiyo iliyotusumbua, na ukweli wake ni volti 4.5.

Milinganyo inavyopaswa kuwa

Tuiandike kwanza, ili tukianza kutafuta kosa tujue tunalinganisha na nini. Mchoro huu una matawi matatu tu: kushoto, katikati na kulia. Kila tawi lina mkondo wake mmoja. Nimechagua I1 ikipanda tawi la kushoto, I2 ikipanda tawi la kulia, na I3 ikishuka katikati. Huku ni kuchagua tu, si kujua. Mkondo ukiwa unakwenda kinyume na ulivyochora, hesabu yenyewe itakuambia.

Matawi yote matatu hukutana juu katikati, na tena chini katikati. Pale juu, I1 na I2 zinaingia, I3 inatoka, na umeme haukai kwenye waya ukisubiri: unaoingia lazima utoke. Huo ni mlinganyo wa kwanza. Miwili iliyobaki inatokana na kuzunguka kila dirisha na kurudi ulipoanzia, kwani jumla ya volti ulizopanda na ulizoshuka lazima iwe sifuri. Gustav Kirchhoff aliziweka kanuni hizi mbili mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi huko Königsberg, kwa hiyo mwanafunzi asiziogope.

Unapozunguka, kumbuka mambo mawili. Ukivuka rezista huku ukifuata mshale wa mkondo, unashuka, kwa hiyo toa. Ukiivuka kinyume na mshale, unapanda, kwa hiyo jumlisha. Ukiingia betri kwa hasi na kutokea kwa chanya, jumlisha volti zake. Ukiingia kwa chanya, toa. Kwenye betri mshale wa mkondo hauulizwi kabisa. Nasisitiza hapo kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza.

Dirisha la kushoto nalizunguka nikipanda kushoto na kushuka katikati. La kulia nalizunguka nikipanda kulia na kushuka katikati pia:

```
I1 + I2 = I3
12  - 4*I1 - 6*I3 = 0
4.5 - 3*I2 - 6*I3 = 0
```

Kutoka mlinganyo wa pili, I1 = 3 − 1.5·I3. Kutoka wa tatu, I2 = 1.5 − 2·I3. Ukizijumlisha na kuziweka kwenye wa kwanza, 4.5 − 3.5·I3 = I3, kwa hiyo I3 ni ampea 1. Hapo I1 ni ampea 1.5 na I2 ni hasi 0.5. Volteji juu ya rezista ya katikati ni 6 × 1, yaani volti 6. Shika hiyo volti 6, tutairudia.

Dalili: mkondo mmoja umetoka hasi

Hii si dalili ya ugonjwa. I2 imetoka hasi 0.5 kwa sababu sehemu ya juu ya mchoro iko kwenye volti 6, na betri ya kulia ina volti 4.5 tu. Maji hayapandi mlima: mkondo unaingia kwenye hiyo betri kwa chanya badala ya kutoka. Betri kubwa inaichaji ile ndogo.

Usirudi kugeuza mshale katikati ya hesabu. Nimeona madaftari ambamo mwanafunzi, alipoona hasi, aligeuza mshale wa I2 kwenye mchoro lakini akaacha milinganyo ya zamani, kisha akaanza upya na nusu ya alama za mchoro mpya na nusu za ule wa kwanza. Uache mshale ulipo. Andika "I2 = −0.5 A, yaani ampea 0.5 inashuka tawi la kulia", basi.

Kuna tahadhari moja tu, na si ya karatasini. Ikiwa hiyo volti 4.5 ni betri kavu tatu za tochi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, usiijenge saketi hii mezani. Betri kavu za kawaida hazijatengenezwa kuchajiwa. Hupata joto na kuvuja.

Dalili: umepata 0 = 0

Unahangaika kurasa mbili, kisha kila kitu kinajifuta na unabaki na sifuri sawa na sifuri. Sababu yake ni kwamba mlinganyo mmoja umeuandika mara mbili kwa nguo tofauti.

Mara nyingi ni zile njia panda mbili, pale matawi yanapokutana. Juu uliandika I1 + I2 = I3, halafu chini ukaandika I3 = I1 + I2, ukadhani umepata taarifa mpya. Hujapata. Au umezunguka dirisha la kushoto, la kulia, kisha na mstatili mzima wa nje, ukaacha njia panda kabisa. Mzunguko wa nje ni tofauti ya ile miwili ya ndani, kwa hiyo haukuletei kitu kipya cha kutatulia. Kwa mchoro wa aina hii chukua njia panda moja na madirisha mawili. Ule mzunguko wa nje uweke kando, una kazi yake baadaye.

Dalili: una mikondo isiyojulikana mingi kuliko mitatu

Hii ni ya kona. Mtu anaona waya umepinda na kuupa mkondo jina jipya: mmoja kushoto, mwingine juu kushoto, mwingine juu kulia, na kuendelea hadi saba. Kona si njia panda. Barabara ikipinda, magari hayaongezeki wala hayapungui. Njia panda ni pale waya tatu au zaidi zinapogusana, na katika mchoro huu ziko mbili tu. Futa majina yote yaliyozidi.

Dalili: majibu yanapita milinganyo yako lakini volteji ya katikati haiingii akilini

Hapa sasa tuko kwenye alama. Chukua kosa ambalo naliona zaidi ya mengine. Mwanafunzi ameamua kuzunguka madirisha yote mawili kwa mwendo wa saa, jambo ambalo halina tatizo. Kwenye dirisha la kulia anapanda katikati, kinyume na I3, kwa hiyo anaandika +6·I3, sahihi kabisa. Kisha anashuka tawi la kulia, kinyume na I2, na hapo mkono unafuata mazoea: "rezista ni ya kutoa". Anaandika −3·I2. Halafu anaingia betri kwa chanya na kutoa 4.5, sahihi tena. Amepata:

```
6*I3 - 3*I2 - 4.5 = 0
```

Palipaswa kuwa +3·I2. Alama moja tu. Ukitatua na ile milinganyo mingine miwili, unapata I1 = −1.5, I2 = 4.5 na I3 = 3. Jumlisha: −1.5 na 4.5 ni 3, njia panda imekubali. Dirisha la kushoto: 12 + 6 − 18 ni sifuri, nalo limekubali. Mwanafunzi anapiga mstari chini ya jibu na kwenda kulala.

Lakini itazame volteji ya katikati: 6 × 3 ni volti 18. Betri kubwa kuliko zote kwenye mchoro ni ya volti 12. Katika mchoro ambao betri zote mbili zinasukuma kuelekea sehemu moja ya juu, na katikati kuna rezista tupu, volteji ya pale juu haiwezi kuipita betri kubwa. Hiyo 18 imetoka wapi? Haijatoka popote, ni kosa la alama. Jaribio hili halihitaji hata kalamu, na ndilo la kwanza ninalolifanya kabla ya kusoma hatua za mtu.

Jaribio la pili ni ule mzunguko wa nje tuliouweka kando. Uandike upya kutoka kwenye mchoro, usiutoe kwenye milinganyo uliyokwisha andika, maana ukiutoa huko utarithi kosa lile lile. Napanda kushoto, napita juu, nashuka kulia:

```
12 - 4*I1 + 3*I2 - 4.5 = 0
```

Weka majibu ya kosa: 12 + 6 + 13.5 − 4.5 ni 27, si sifuri. Weka majibu sahihi: 12 − 6 − 1.5 − 4.5 ni sifuri. Mzunguko huu unagusa rezista mbili za pembeni bila ile ya katikati, ndiyo maana unakamata kosa lililojificha kwenye dirisha moja.

Ndugu wa kosa hili ni kuchanganya mitindo miwili ya kuandika mikondo. Kuna mtindo wa mikondo ya matawi, tuliotumia hapa, ambapo katikati ni I1 + I2. Kuna na mtindo wa mikondo inayozunguka ndani ya kila dirisha, yote kwa mwendo wa saa, ambapo rezista ya katikati inapata tofauti ya hiyo miwili. Yote miwili ni sahihi. Ila mtu akijifunza mmoja darasani na mwingine kwenye video, anaandika 6(I1 + I2) dirisha la kwanza na 6(I1 − I2) la pili, bila kubadilisha mshale wowote. Ukiona jumla na tofauti katika ukurasa mmoja, simama hapo hapo uulize herufi zako zinamaanisha nini.

Dalili: namba ni sahihi, alama zote tatu zimepinduka

Umepata −1.5, 0.5 na −1. Hii ni ya kikokotoo. Vikokotoo vinavyotatua milinganyo mitatu kwa pamoja hutaka namba isiyo na herufi iwe upande wa kulia wa alama ya sawasawa. Wewe ulikuwa na 12 − 4·I1 − 6·I3 = 0, ukaingiza −4, 0, −6, kisha 12. Ulipaswa kuingiza hasi 12, au kugeuza vyote: 4, 0, 6, 12. Huhitaji kurudia chochote karatasini.

Dalili: majaribio yote yamepita, na jibu bado si la mwalimu

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Alikuwa na I1 = −3, I2 = 7, I3 = 4. Nilimwambia ajaribu njia panda: −3 na 7 ni 4, sawa. Mzunguko wa nje kwa milinganyo yake ulifunga. Volteji ya katikati ilikuwa 6 × 4, yaani 24, nayo haikuizidi betri yake kubwa. Nikamwambia basi ajaribu nguvu: wati zinazotolewa na betri lazima zilingane na wati zinazopotea kwenye rezista kama joto. Betri zake zilitoa jumla ya wati 279. Rezista zake zilikula 36, 147 na 96, ambazo ni 279. Sawa sawia.

Hapo ndipo nilipoacha kumwuliza kuhusu hesabu. Majaribio yote haya yanauliza kitu kimoja: je, majibu yanakubaliana na milinganyo, na milinganyo inakubaliana na mchoro ulio mbele yako? Hakuna hata moja linalouliza kama mchoro ulio mbele yako ndio ule wa ubaoni. Ukisoma namba vibaya, unatatua kwa usahihi mkubwa saketi ya mtu mwingine.

"Betri ya pili umeisoma volti ngapi?" nikamwuliza.

"Arobaini na tano, Mjomba."

Nilikuza picha. Daftari lilikuwa la mistari, na mwenzake alikuwa ameandika 4.5 akiikalia mistari kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Nukta ya desimali iliangukia juu kabisa ya mstari wa buluu. Kalamu nayo ilikuwa ya buluu. Picha ilipopita WhatsApp ikabanwa, nukta na mstari vikawa kitu kimoja. Kati ya 4 na 5 palibaki nafasi kidogo kuliko kawaida, lakini ni nani anayetazama nafasi?

Ukweli ulionisaidia haukuwa kwenye namba bali kwenye alama ya betri. Aliyechora alikuwa ameweka jozi tatu za mistari mirefu na mifupi. Seli tatu za volti 1.5 ni 4.5. Pembeni, betri ya 12 ilikuwa na jozi sita, kama seli sita za volti mbili mbili za betri ya gari. Huwezi kutegemea idadi ya jozi kila mara, kwani walimu wengi huchora mbili na kuendelea na maisha, ila hapa ilitosha kunifanya niseme: "Mpigie mwenzako, mwulize tu kama kuna nukta." Dakika mbili baadaye alijibu kwa neno moja, "Ipo", na emoji ya kujipiga kofi.

Watu husema jibu lenye desimali mbaya ndilo linaloonyesha umekosea, kwamba walimu hupenda namba zinazogawanyika vizuri. Mimi pia nimewahi kusema hivyo. Lakini angalia: 45 imetoa −3, 7 na 4, namba nzima nzuri kuliko jibu lenyewe. Uzuri wa namba si ushahidi.

Kuisoma picha kabla ya kuandika herufi moja

Kwa hiyo dawa ya dalili hii iko mwanzoni, siyo mwishoni. Usiandike milinganyo ukiitazama simu. Chora mchoro upya kwenye karatasi, kubwa, na unapochora kila kifaa jiulize kama umekiona au umekidhania. Kile ulichokidhania kiwekee alama ya kuuliza pembeni. Kwa kawaida kuna viulizi vya aina tatu.

Ya kwanza ni namba zenyewe. Mbali na nukta, tazama alama ya om, Ω. Ikiandikwa kwa haraka hufanana na sifuri, na om 4 inakuwa 40. Picha ikiwa imegeuka, 6 inakuwa 9. Namba ikiwa imeandikwa kati ya tawi la katikati na la kulia, usiigawe kwa kubahatisha: hesabu rezista, hesabu namba za om, kila moja ipate mwenyewe, na ile inayobaki ndiyo yenye utata.

Ya pili ni kimo cha mistari ya betri. Mstari mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Kwa mkono wa haraka na picha iliyobanwa, tofauti hiyo inapotea, na hapa athari ni kubwa. Ukiipindua betri ya 4.5 kwenye mchoro wetu, mlinganyo wa tatu unaanza na −4.5, na majibu yanakuwa I1 = 2.5, I2 = −2.17 na I3 = 0.33. Volteji ya katikati inashuka kutoka 6 hadi 2. Nayo inapita majaribio yote. Kama huna wa kumwuliza, tatua mara mbili, moja kila upande, na uandike wazi ni ipi uliyochukua. Mwalimu anayesahihisha ataona kwamba unaelewa, hata kama ulichagua upande mbovu. Na unapochora upya, andika + na − kwa mkono wako kando ya kila betri, usitegemee tena urefu wa mistari.

Ya tatu ni pembe za picha. Mtu anapiga picha karibu mno, chini panakatika, na waya wa chini haupo. Wengi huumalizia kwa mawazo, na kwa mchoro wa vitanzi viwili huenda wakawa sahihi. Lakini nimewahi kumalizia hivyo mimi mwenyewe, kumbe kule chini palikuwa na rezista ya tatu, na mchoro niliokuwa nautatua ulikuwa na mbili tu. Kama swali linataja rezista tatu na betri mbili, hesabu: tatu na mbili. Ikipungua moja, imekatwa.

Kuhusu picha yenyewe, mwombe anayekutumia aitume kama faili na si kama picha ya kawaida, kwa sababu faili haibanwi. Apige akiwa juu ya karatasi, siyo pembeni, na kivuli cha simu kisiangukie mchoro. Taa ya dari ya hosteli huacha mng'ao mweupe katikati ya karatasi inayong'aa, na mng'ao huo una tabia ya kukaa juu ya kile unachokihitaji.

Dalili: umeijenga, mita inakataa

Wapo wanaoshuka hadi Luthuli Avenue kununua rezista ili wajionee. Vizuri, ila badilisha mambo mawili. Rezista ya om 4 katika mchoro huu inapoteza wati 9, na ile ya 6 inapoteza wati 6. Zile ndogo za robo wati utakazouziwa kwa kawaida zitatoa moshi kabla hujasoma mita. Zidisha om zote kwa 1000: kilo-om 4, 6 na 3. Volteji ya katikati inabaki volti 6 ile ile, mikondo inakuwa miliampea badala ya ampea, na joto linakuwa dogo mno hata kidole hakilisikii. Kilo-om 4 kamili huenda usiipate kaunta, 3.9 ipo, na volteji itapanda kidogo tu juu ya 6.

Kwa ile betri ndogo, hata kwa mkondo wa nusu miliampea, usitumie seli kavu. Tumia chanzo kinachoweza kupokea mkondo bila kudhurika, au fanya jaribio na betri ndogo ya kuchajiwa na uandike volti zake halisi kwenye mlinganyo badala ya 4.5.

Ukirudi kutumia om 4, 3 na 6 halisi, utaona mita ikisoma tofauti na karatasi hata kama kila kitu ni sahihi. Betri halisi ina ukinzani wake wa ndani, na kwa rezista ndogo kama hizi hata nusu om inaonekana. Uongeze kwenye rezista ya tawi lake: om 3 inakuwa 3.5, milinganyo inabaki na umbo lile lile.

Mpwa wangu alimaliza kazi yake usiku ule ule. Asubuhi alinitumia daftari lake mwenyewe, kama faili, limesomeka vizuri. Kando ya betri ya pili hakuweka nukta tena. Ameandika 4V5, herufi ikikaa mahali pa nukta, kama mafundi wanavyoandika 4R7 kwenye rezista ya om 4.7, na V haipotei kwenye mstari wa buluu.